Boksi linasema wati 65, simu yako inapata 15

Namba kubwa iliyo mbele ya boksi la chaja haikuandikwa kwa ajili ya simu yako. Iliandikwa kwa ajili ya macho yako. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na nitaitetea kwa hesabu ya kuzidisha ya shule ya msingi, kwa hivyo hakuna anayehitaji digrii hapa. Mimi mwenyewe sina, chuo niliachia mwaka wa pili, na hesabu hii bado nafanya bila kuuliza mtu.

Toka Mwembe Tayari jioni yoyote, shuka mpaka Barabara ya Digo, pita Marikiti, kata Biashara halafu uingie Mji wa Kale kupitia Kibokoni. Hesabu chaja zilizoning'inizwa mpaka uchoke. Utaona wati 33, 45, 65, 120. Nyingine zina picha ya mwanga wa radi, nyingine zina gari la mbio. Na karibu zote zina maneno haya, au ndugu zake:

```
UP TO 65W
FAST CHARGE COMPATIBLE
```

Ukiyasoma polepole, maneno haya hayaahidi kitu. La kwanza linasema "hadi". Yaani haizidi hapo. Kasa-mita ya tuktuk imechorwa hadi 100 na zaidi, lakini nani ashawahi kupanda tuktuk ikaenda hivyo pale Makadara? La pili linasema chaja "inakubaliana" na chaji ya haraka. Ya nani? Ya simu gani? Kwa wati ngapi? Kimya.

Juzi duka moja la hapa kisiwani lilinitumia chaja kama hiyo na ofa ya elfu tatu, nitengeneze video ya sekunde 40 nisome mbele ya boksi kwa furaha. Nikawaambia sawa, lakini nitaonyesha pia maandishi madogo yaliyo kwenye mgongo wa chaja na nieleze yanamaanisha nini. Jibu likaja: "Kaka, usiwachanganye watu na hesabu. Watu wanataka fasta tu." Ofa ikafa hapo. Sawa, riziki ni ya Mungu. Lakini ile sentensi imenikaa kooni, kwa sababu biashara nzima ya chaja imejengwa juu yake: kwamba wewe hutasoma, na ukisoma hutaelewa. Basi tusome.

Chaja yenyewe ninayo, kwa hivyo tuifanye ndiyo mfano. Geuza kichwa, tafuta maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeupe (eti bahati mbaya rangi hizo hazionekani). Kuna mistari miwili ya maana. Wa kwanza ni wa kuingia, `INPUT`, na umeandikwa `100-240V~ 50/60Hz`. Huo unaongelea stima ya ukutani. Achana nao. Nimesikia kwa masikio yangu muuzaji akimwonyesha mama mmoja ile 240 na kumwambia "ona mama, hii ina nguvu." Mama yangu, kila chaja ya Kenya inaingia kwenye stima ya volti 240, hata ile ya kuchajia mashine ya kunyolea.

Mstari unaoutaka ni wa kutoa. Kwenye chaja hii umeandikwa hivi:

```
OUTPUT
USB-C: 5V⎓3A  9V⎓3A  12V⎓3A  15V⎓3A  20V⎓3.25A
USB-A: 5V⎓3A  9V⎓2A  12V⎓1.5A
C+A:   5V⎓3A
```

Inatisha kidogo, lakini kila jozi ni ofa moja. V ni volti, A ni ampea, na ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Basi. Hakuna fomula nyingine.

Sasa hiyo 65 imetoka wapi? Tafuta. 5 mara 3 ni 15. 9 mara 3 ni 27. 12 mara 3 ni 36. 15 mara 3 ni 45. 20 mara 3.25 ni 65. Ahaa. Iko pale mwisho kabisa, kwenye volti 20, tundu la C peke yake. Na volti 20 ni chakula cha laptopu. Simu kama yako na yangu haiombi volti 20. Kwa hivyo boksi halijasema uongo wa wazi. Limechukua namba ya laptopu na kuiuzia mtu mwenye simu, na bei ikapandishwa kwa namba hiyo.

Tuweke simu sasa. Chukua Samsung Galaxy A15, kwa sababu mitaani ziko nyingi na kila mtu ana binamu anayo. Betri yake ni 5000mAh na Samsung wenyewe wanasema inachaji hadi wati 25. Mwenye A15 akiona 65 anafikiri: yangu inataka 25, hii ina 65, imebaki na chenji. Fikra nzuri kabisa, na ingekuwa kweli kama chaja na simu zingekuwa kama mfereji na ndoo, unafungua tu maji yaje. Lakini haziko hivyo.

Chaja na simu zinabishana hodi kwanza. Ukichomeka tu, chaja inatoa volti 5, ile ya salama ambayo kila simu inaifahamu. Halafu mazungumzo yanaanza. Kwa lugha inayoitwa PD, chaja inataja ofa zake zote moja moja, kama muuza viungo anavyokutajia alivyonavyo, na simu inachagua ile inayoitaka. Simu ndiyo inayochagua. Chaja haiwezi kusukuma kitu ambacho simu haikuomba. Na kama chaja inaongea lugha moja na simu inaongea nyingine, hakuna anayegombana, zinabaki tu kwenye volti 5 na simu inachaji pole pole huku ikoni ya betri inacheza kama kawaida. Ndiyo maana neno "inakubaliana" ni rahisi sana kuandika. Kila kitu kinakubaliana na kila kitu kwenye volti 5.

A15 ili ifike wati 25 inahitaji tawi moja maalum la PD linaloitwa PPS. Hapo chaja haitoi volti za vituo vilivyopangwa tu, 5 halafu 9 halafu 12. Simu inaweza kuiomba ipande au ishuke kidogo kidogo, kwa hatua za sehemu ndogo sana ya volti, kulingana na betri inavyotaka dakika hiyo. Faida yake ni kwamba simu haifanyi kazi kubwa ya kubadilisha umeme yenyewe ndani, kwa hivyo haipati moto sana na inaweza kukubali wati nyingi zaidi. Kwenye mgongo wa chaja PPS inatambulika haraka, kwa sababu haiandikwi kama namba moja ya volti bali kama masafa, kutoka hapa mpaka pale. Chaja ya Samsung yenyewe ya wati 25 imeandikwa hivi:

```
PDO: 5V⎓3A / 9V⎓2.77A
PPS: 3.3-5.9V⎓3A / 3.3-11V⎓2.25A
```

Zidisha 11 kwa 2.25, unapata 24.75. Hiyo ndiyo wati 25 yao. Sasa rudi juu kwenye ile chaja ya 65 utafute masafa kama hayo. Hakuna. Kuna vituo vitupu. Kwa hivyo A15 ikiulizwa "unataka ipi?" inachukua volti 9, na hata hapo haili zile wati 27 zote zilizo mezani, inachukua kama 15 tu, kwa sababu bila PPS ndivyo Samsung walivyoipanga. Kutoka 65 tumefika 15, na hatujaharibu kitu, hatujanunua feki, chaja ni nzima na inafanya kazi yake sawasawa.

Na bado hatujamaliza. Ndani ya boksi kuna kebo, na kebo yenyewe ni ya USB-A upande mmoja na Taipu-C upande wa pili. Yaani lile tundu la C lenye ile namba ya mbele ya boksi, kebo waliyokupa haiingii humo! Utachomeka kwenye tundu la A, ambalo dari yake ni 9 mara 2, wati 18. Mwenye laptopu, ambaye ndiye pekee 65 yake ipo, hawezi kuitumia mpaka akanunue kebo nyingine ya C kwa C. Na akinunua ya kawaida bado hafiki, kwa sababu kebo ya kawaida ya Taipu-C imeruhusiwa kubeba ampea 3 na si zaidi. Kupita hapo kebo lazima iwe na chipu ndogo ndani inayojitambulisha kwa chaja kwamba mimi nabeba ampea 5. Chaja isipoisikia hiyo chipu haitoi zaidi ya ampea 3, na 20 mara 3 ni 60. Simu ya wati 25 haihitaji kebo ya aina hiyo, usiuziwe. Lakini zile Samsung za wati 45 zinaihitaji, kwa sababu zinavuta zaidi ya ampea 4.

Halafu ule mstari wa mwisho, `C+A: 5V⎓3A`. Huo ndio unaoniudhi kuliko yote. Maana yake ukichomeka vitu viwili pamoja, tundu zote mbili zinashuka volti 5 na zinagawana ampea 3. Wati 15 kwa jumla. Wewe na dada yako mkichomeka simu usiku, kila mmoja anapata kama 7 na nusu. Chaja ya "65" inageuka sahani moja ya wali ya watu wawili, tena ile sahani ndogo. Kuna chaja nzuri za tundu mbili ambazo hazifanyi hivi, zinaandika kwa mfano C wati 45 na A wati 20 kwa wakati mmoja. Tofauti iko kwenye huo mstari wenye alama ya kujumlisha, na mbele ya boksi haionekani hata kidogo.

Kuna watu watasema, bro, hiyo ni ya bei rahisi, nunua chaja ya maana. Haya. Chaja iliyokuja na OPPO Find X2 ya mwaka 2020 ni ya maana, na wati zake 65 ni za kweli kabisa: volti 10 mara ampea 6.5. Na hizo wati zinaingia kwenye simu, si laptopu. Lakini lugha yake ni SUPERVOOC, ya nyumbani kwao OPPO. Ichomeke kwenye A15 na inashuka kwenye ofa yake ya pili, volti 5 mara ampea 2. Wati 10. Chaja ghali, ya kampuni kubwa, yenye namba ya kweli, na imeshindwa na kile kichaja cha Samsung cha 25. Na kinyume chake ni vilevile: mwenye OPPO akinunua chaja ya PD iliyoandikwa "inakubaliana na chaji ya haraka", hapati zile 65 alizozoea. Kwa hivyo bei haikuokoi. Ukubwa wa namba haukuokoi pia. Swali ni moja: je, kwenye mgongo wa hii chaja kuna ofa ambayo simu yangu inaijua?

Hapo nimezungumzia chaja ambayo mgongo wake ni mkweli. Kuna daraja la chini zaidi. Zile za mia tatu, mia nne, mbele 120 kwa rangi ya dhahabu, ukigeuza unakuta 5V⎓3A, 9V⎓2A, 12V⎓1.5A. Zidisha yoyote unayotaka, hakuna inayovuka 18. Nyingine zina 5V⎓2.1A peke yake, wati 10 na nusu. Hizo hazina hata ile kona ya laptopu ya kujificha. Mbele na nyuma ya kitu kimoja vinapingana, na muuzaji anategemea usigeuze.

Sasa utaniuliza, na kama mgongo wenyewe umechapishwa uongo? Inatokea, na wino ni rahisi. Hapo muulize simu yako. Ukiwa na Samsung, mwambie mwenye duka, "Ami, niwekee kwenye soketi niione," uchomeke kwa sekunde chache na uangalie skrini ikiwa imefungwa. Simu ya wati 25 ikipata PPS inaandika `Super fast charging`. Ikikosa na kubaki na zile 15 inaandika `Fast charging`. Ikiandika tu `Charging`, uko kwenye volti 5. Simu haina undugu na muuzaji. Hakikisha tu kwamba chaji ya haraka haikuzimwa kwenye mipangilio ya betri, na uende na kebo yako unayoiamini, maana kebo mbovu itamsingizia mwenye chaja.

Simu ambazo haziandiki hivyo, kuna njia ya nyumbani, inataka nusu saa na betri iliyo chini ya asilimia 30. Zima skrini, weka simu mahali pa baridi, andika asilimia, chomeka dakika 30, andika tena. Kwa betri ya 5000mAh, chukua asilimia zilizoongezeka uzidishe kwa 0.4, unapata takriban wati zilizoingia kwenye betri. Sababu ni hii: betri hiyo ina volti kama 3.85, kwa hivyo ikijaa imebeba wati-saa 19 hivi, na asilimia moja kwa nusu saa ni karibu wati 0.4. Ukitoka 20 ukafika 42, umeongeza 22, yaani wati 9 hivi. Hiyo ni chaja ya wati 10, hata kama boksi lina picha ya roketi. Ukiongeza 33 au 34 uko kwenye zile 15. Ukikaribia 50, hiyo 25 yako ni ya kweli. Namba itatoka chini kidogo ya ile ya chaja kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kama joto njiani, hilo ni la kawaida.

Na nimesema mahali pa baridi makusudi. Hapa Mombasa tunajua joto. Simu ikipata moto inajipunguzia chaji yenyewe ili isiue betri, chaja iwe ya malaika au ya shetani. Ukiijaribu barazani saa nane mchana juani, au ukiwa unacheza gemu, utamlaumu mtu bure. Pia usijaribu kuanzia asilimia 80. Kila simu inapunguza kasi betri ikikaribia kujaa, kwa hivyo hata kwa chaja bora kabisa zile wati za juu ni za dakika za mwanzo tu. Hilo nalo limo ndani ya lile neno "hadi", na hapo angalau neno lina haki yake.

Sasa nije kwa wanaotetea. Hoja ya kwanza niliyosikia ni kwamba boksi liko sahihi kisheria kwa sababu limeandika "hadi" na maelezo yote yako nyuma. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 12, inakataza maelezo ya uongo na pia ya kupotosha, na kupotosha humo kunajumuisha kudai bidhaa ina utendaji ambao haina, na kutia chumvi au kunyamazia jambo la maana kwa namna ya kumdanganya mnunuzi. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inasema mlaji ana haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kumuuzia mtu wa simu namba ya laptopu na kuweka ukweli kwa maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ndani ya boksi lililozibwa plastiki, ambalo ukilifungua umeshalinunua, hiyo si taarifa. Na usinionyeshe stika ya KEBS. Stika hiyo inahusu bidhaa kukubaliwa sokoni, haijawahi kukwambia simu yako itapata wati ngapi.

Hoja ya pili ni ile ya yule wa duka: watu hawataki hesabu. Sawa, basi iandikeni bila hesabu. Ulaya wamefanya. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kule lazima ziwe na tundu la Taipu-C, na ile ya kuchaji haraka lazima iongee PD hata kama ina lugha yake ya nyumbani. Na kwenye boksi la simu kunakuwa na kialama kidogo cha chaja chenye namba mbili: wati za chini kabisa simu inazohitaji, na wati za juu inazoweza kufika, na kama inaongea PD imeandikwa hapo hapo. Mistari miwili. Angalia boksi la simu yako mpya, kama toleo lake lilitengenezwa na kwa soko lile unaweza kukuta kialama hicho kimekaa hapo hakuna aliyekwambia. Kwa hivyo inawezekana. Namba za kweli zinaingia kwenye nafasi ya stempu, na radi na gari la mbio hazikuhitajika.

Wala simlaumu sana kijana aliyesimama na meza yake pale Mwembe Tayari. Yeye naye alisomewa boksi na aliyemuuzia jumla. Ninaowalaumu ni walioagiza mzigo wakachagua maneno ya kuchapisha. Na kampuni za simu zina sehemu yao: Apple walianza kutoa chaja kwenye boksi na iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata, na leo unanunua simu inayotangazwa "wati 25" huku ndani kuna kebo peke yake. Wametuma mamilioni ya watu sokoni kutafuta PPS bila kuwaambia kuna kitu kinaitwa PPS. Na sisi wa video nasi tusijifanye. Ukichukua elfu tatu kusoma mbele ya boksi, wewe ni sehemu ya boksi.

Wenye maduka mnaonisoma, na najua mko, kuna kitu kidogo mnaweza kufanya kesho asubuhi. Fungueni chaja moja ya kila aina, iwekeni juu ya kioo mgongo ukiangalia juu, na mteja akija muulizeni simu gani kabla ya kumtajia bei. Wewe mnunuzi, kama haijafunguliwa, sema kwa heshima tu: "Kaka, nifungulie niisome nyuma, nikiridhika nachukua." Akikataa, maduka ni mengi mpaka Ndia Kuu.

Chaja ya elfu tatu yangu bado iko mezani, wameikataa kuirudisha. Wenye mashaka na chaja zenu, nitumieni picha ya mstari wa `OUTPUT` pamoja na jina la simu yenu, nitawazidishia. Picha ya mbele ya boksi sitajibu.